Halwa Isitoke Kabla ya Mabati

Mimi kazi yangu ya mchana ni duka la vifaa vya umeme hapa Malindi, uemsii ulinijia tu kwa sababu ya mdomo, nilianza na harusi za mtaani, kisha mahafali ya madrasa, kisha watu wakaniona nafaa kwa zile dina za kuchangisha pesa za msikiti na madrasa ambazo siku hizi zinafanywa sana hasa Shaaban kabla ya Ramadhani kuingia. Nataka niandike kuhusu hizi dina maana kila mwezi kuna kijana ananitumia meseji ya watsapu, "kaka nitumie ile skripti yako". Skripti naweza kukutumia, lakini bila kujua kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipo itakuharibikia mkononi.

Mimi yenyewe ilishaniharibikia. Dina yangu ya kwanza ya aina hii, jina la madrasa silitaji, nilichukua ratiba ya harusi nikabadilisha maneno. Watu wakaja, Qurani ikasomwa, hotuba, hotuba, chakula, na mchango nikauweka mwisho kabisa kwa kuwa niliona aibu kumuomba mtu pesa kabla hajala. Biriani ikaliwa vizuri sana wallahi, halwa ikapita, kahawa ikapita, na mimi nasimama na maiki kusema "sasa ndugu zangu tumefika pale tulipokuwa tunapangojea", ikaadhiniwa Isha. Ukumbi wote ukainuka kwenda kuswali, haki yao. Waliorudi hawakufika nusu. Mtu ameshakula, ameshakunywa kahawa, ameshaswali, yuko nje karibu na tuktuk, arudi ndani kufanya nini? Nilichangisha kwenye viti vitupu, na wale waliorudi walikuwa ni walewale walimu wa madrasa na wazee wa kamati, yaani watu ambao tayari walikuwa wametoa.

Tangu siku ile dina sianzi kuipanga kwa saa ya kwenye kadi, naianzia kwenye Isha halafu narudi nyuma. Na hapa kuna kitu ma-emsii wengi hawakijui mpaka kiwaume, saa za swala hapa kwetu hazitulii kama tunavyodhani. Tunasema "Magharibi ni saa 12 na nusu" kama vile imeandikwa kwenye jiwe, lakini mwezi wa 11 mwanzoni jua linazama kama saa 12:10, na kufika mwezi wa 2 linazama saa 12:40. Ni nusu saa nzima hiyo, na Isha inasogea nayo. Ukichukua ratiba ya dina ya Novemba ukaitumia Februari, kila kitu kitakosana na adhana kwa nusu saa na hutaelewa kwa nini.

Sasa nikueleze dina moja iliyokwenda sawa, ndipo utaona vile vipande vinavyoshikana. Ilikuwa mwisho wa Januari, wanaume na wanawake pamoja meza 18 za watu kumi kumi, kwenye uwanja wa wazi karibu na bahari, upande wa kina mama umetengwa kwa pazia. Shida yao ilikuwa paa la bweni la wanafunzi. Kuta zimesimama miaka miwili, watoto wanalala darasani. Magharibi ilikuwa saa 12:40, Isha tukaikadiria saa 2 kasoro dakika kumi hivi, nikamwambia mwenyekiti kadi ziandikwe "baada ya Magharibi" na watu waswali msikitini hapo jirani kisha waingie. Usiandike saa 12:30 kwenye kadi, ni kuwadanganya watu tu.

Kuanzia saa 1:10 watu wamekaa mpaka Isha nilikuwa na kama dakika 40, na hizo ni za maneno, chakula bado. Juisi ya ukwaju na sambusa mbili mbili mezani basi. Qurani dakika 5, mimi salamu na itifaki, maalim mkuu dakika 10 kueleza bweni, kisha kijana mmoja wa miaka 12 aliyesimama akaeleza anavyolala, huyo hakumaliza dakika 3 na sikumwandikia neno lolote. Halafu saa 1:40 nikampa maiki mheshimiwa. Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Mwanasiasa ukimuweka baada ya chakula ana usiku mzima mbele yake, ukimuweka kabla ya Isha ana dakika 10 na mwenye kumkatiza si wewe. Yule bwana alikuwa ameanza "na katika serikali yangu mimi" ndio muadhini wa msikiti wa jirani akafungua, "Allahu Akbar", mheshimiwa akanyamaza kwa adabu kama sote, adhana ikaisha, nikaipokea maiki kwa mikono miwili, "Allah akulipe kheri mheshimiwa, tuelekeeni kwenye swala, na tukirudi chakula kiko mezani".

Hiyo sentensi ya mwisho isomeni tena. Chakula kiko mezani *tukirudi*. Kinachomrudisha mtu baada ya swala ni harufu ya pilau, mimi na kasida zangu hatumrudishi, kwa hiyo wapishi niliwaambia mapema sahani zianze kutoka imamu akitoa salamu, sio kabla. Majamvi yalitandikwa palepale pembeni ya uwanja ili asitoke mtu getini. Saa 2:15 wote wako mezani wanakula, hakuna aliyepotea ila mzee mmoja aliyekuwa na ndugu yake hospitali.

Wakati wa kula emsii nyamaza, tafadhali. Kuna wenzangu wanashika maiki wanatangaza matangazo watu wana tonge mdomoni. Mimi huo ndio muda wangu wa kupita meza kwa meza kuwaamkia wazee, shikamoo zangu natoa, na kuhakiki na mweka hazina wale watu watatu wa mwanzo. Watu wa mwanzo ndio nini? Wiki moja kabla nilimwambia mwenyekiti anitafutie watu watatu ambao wameshaamua kutoa, kiasi kinajulikana, na wanakubali kuanza. Wengine wanasema huu ni mchezo wa kuigiza. Mimi sioni hivyo, pesa ni za kweli na nia ni ya kweli, ninachopanga ni nani aanze tu, kwa sababu emsii akisema "nani wa laki moja na nusu?" na uwanja ukakaa kimya kwa sekunde kumi, kile kimya kinamfundisha kila mtu kwamba hata yeye anaweza kukaa kimya. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba sitaji daraja la juu ambalo sina mtu wa uhakika wa kulisimamia.

Saa 2:50 watoto wakaimba kasida. Niliipima kwenye mazoezi kwa saa ya simu, beti saba dakika sita, na nilimwambia maalim wao wasiongeze. Kasida ikiisha inafuatwa na mchango moja kwa moja, hapo katikati hakuna tangazo la gari lililoziba njia wala nini. Kuvuka kutoka kasida kwenda kwenye pesa ndio pagumu kuliko pote, mtu anatoka kwenye utulivu unamuingiza kwenye mfuko wake. Mimi nilisema hivi, na kadi ninayo bado:

"Msalieni Mtume." Wakajibu. "Sauti mliyoisikia sasa hivi, leo usiku inakwenda kulala kwenye sakafu ya darasa la pili. Bweni lao lina kuta, halina paa. Paa ni mabati 400. Bati moja, na mbao zake na misumari yake na fundi wake, ni shilingi 3,000. Leo hatuhesabu shilingi, tunahesabu mabati. Kuna ndugu yetu meza ya nne amesema ataanza."

Basi. Hakuna "ndugu zangu mimi sio mtu wa maneno mengi". Na angalia hilo bati. Lengo lilikuwa 1,200,000, namba ambayo mtu wa kawaida akiisikia anajiona si wa pale, lakini bati moja la 3,000 kila mtu analiona kwa macho, mpaka mwalimu wa chekechea anaweza kwenda nyumbani akasema lile bati pale kwenye kona ni langu. Kijana mmoja alisimama na ubao mkubwa amechora vibox 400, kila likitajwa anapaka rangi.

Kuhusu hiyo "msalieni Mtume", ni kweli ndiyo inayotuliza ukumbi kuliko "naomba utulivu" mara ishirini, mtu wa pwani hata awe anagombana ataacha aitikie. Lakini maalim mmoja wa Lamu aliniweka chini siku moja akaniambia, mwanangu, hiyo ni ibada si kengele, ukiigonga kila dakika utaifanya nyepesi midomoni mwa watu na dhambi utabeba wewe. Sasa naitumia mara tatu au nne usiku mzima, pale pazito tu.

Tukateremka ngazi. Mabati 50 kwa mtu, wakajitokeza wawili, wale wa kupangwa. Mabati 20, mmoja wa kupangwa na watatu waliojitokeza wenyewe. Mabati 10, wanane. Matano matano, watu 14. Na bati moja moja, hapo mikono ikawa mingi nikaacha kutaja majina, 41. Jumla mabati 371. Ukipiga hesabu ni 1,113,000. Ngazi inashuka tu, haipandi tena, hata tajiri mmoja akichelewa akataka kurudi kwenye 20 unampokea kwa shukrani lakini huwarudishi watu wote juu, wale wa bati moja watajiona wameaibishwa.

Upande wa kina mama ndio tunakosea sana sisi wanaume. Emsii yuko upande huu, pazia lile pale, na kinachosemwa kule hakifiki. Safari hii nilimuomba dada mmoja, mwalimu, akae kule na daftari na maiki ya pili, akitaja namba mimi nairudia upande huu na kijana anapaka ubao. Kati ya wale wa mabati 10 wanane, watano walitoka nyuma ya pazia. Na katikati ya hayo dada akasema kwenye maiki, "kuna mama ametoa bangili." Uwanja ukalipuka kwa takbira. Mimi nilikaribia kuropoka "bangili ya shilingi ngapi hiyo", nikajizuia. Dhahabu haitangazwi thamani kwenye maiki mpaka sonara aipime, ukisema kubwa kamati itadaiwa na ukisema ndogo umemvunjia mama wa watu heshima. Nilisema tu, "Bangili imepokelewa, Allah amvishe bora kuliko hiyo," na haikuhesabiwa kwenye ubao.

Halafu likatokea lile la zaka. Mzee mmoja meza ya 11 akasema kwa sauti, na furaha zake, "Mimi natoa zaka yangu, mabati 20!" Sasa hapa emsii asiyejua anapiga takbira anapaka ubao. Maalim alikuwa ameshanionya, zaka ina watu wake wanane waliotajwa kwenye Surat Tawba aya ya 60, na wanazuoni wengi wanasema ujenzi haumo. Dina kama hii unaomba sadaka, neno zaka halitoki mdomoni mwako kabisa. Lakini pia huwezi kumsahihisha mzee wa watu mbele ya watu 180. Nikasema, "Allah akutakabalie mzee wangu, maalim anakuja mezani kwako sasa hivi kuipokea mwenyewe," na maalim akaenda, wakaongea kidogo, zaka ikaandikwa kwenye bahasha nyingine ya wanafunzi mafukara, na mzee kwa ihsani yake akaongeza bati moja la sadaka. Hilo moja limo kwenye zile 41.

Sasa shukrani, na hapa nina kovu. Dina nyingine, si hii, nilikuwa nasoma vikaratasi vya ahadi kama mtangazaji wa mpira, jina na kiasi, jina na kiasi. Nikasoma jina la bwana mmoja na shilingi 60,000. Kumbe yule bwana alikuwa ameandika pembeni kwa herufi ndogo "nisitajwe", sikuona, na kumbe meza mbili kutoka kwake amekaa mtu anayemdai kwa miezi minane na kila siku anaambiwa sina. Unaweza kudhani ni kichekesho lakini yule mdai aliinuka. Hakusema kitu, aliinuka tu akamwangalia, na mimi na maiki yangu nikatamani ardhi inimeze. Na hata bila deni, Qurani yenyewe kwenye Baqara aya ya 271 inasema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora kwenu. Mtu akichagua kuficha, mimi nani wa kumfichua?

Kwa hiyo sasa kikaratasi changu kinaanza na swali hilo juu kabisa kabla ya jina: *nitajwe* au *nisitajwe*, mtu anaweka tiki. Asiyetaka kutajwa nasoma "mja wa Mwenyezi Mungu, mabati kumi", na amini inaitikiwa sawasawa na ya mheshimiwa. Na shukrani inakwenda papo hapo, fupi, ya sentensi moja, "Allah akulipe", watu "amin", mbele. Usimpambe mtu wa 50 kwa dakika mbili kisha wa bati moja ukampa "asante", watu wanapima hayo.

Shukrani ndefu, zile za wapishi na vijana wa viti na mwenye spika na majirani waliovumilia kelele, hizo mimi siziweki mwisho. Naziweka wakati mweka hazina anahesabu. Kuhesabu kunachukua dakika 10 mpaka 15 na hiyo ni dakika 15 ya hewa tupu, watu wanaanza kutafuta funguo. Pale saa 3:30 ndipo niliwaita wapishi watoke jikoni wasimame mbele, mama sita na aproni zao, na nikasema nani alipika nini. Itifaki ya viongozi nilishaimaliza mwanzoni kwa kadhi, maimamu, wazee kisha viongozi, kwa hiyo huku chini sikurudia "mheshimiwa" hata mara moja.

M-Pesa nayo ina mambo yake. Namba ya pebili iwe imebandikwa kila meza, na kwenye sehemu ya akaunti mwambie mtu aandike namba ya meza yake, sio "sadaka" wala "paa", maana mweka hazina akipata meseji 60 zote zimeandikwa "paa" atalinganishaje na vikaratasi? Na muamala mmoja mwisho wake ni 250,000, kwa hiyo mtu wako mkubwa akitaka kutoa zaidi ya hapo kwa simu mwambie mapema atume mara mbili, asije akasimama mbele za watu simu inamkatalia akaonekana hana.

Na kadi. Nilianza na karatasi za kawaida, na hiyo Januari kaskazi ilikuwa inavuma mpaka vitambaa vya meza vinapepea, karatasi ya salamu ikaruka ikaenda kwenye sufuria ya kachumbari. Bahati nilikuwa na nakala kwenye kadi ngumu za manila, moja kwa kila mvuko, nimezitoboa na kuzifunga kwa kamba. Kila kadi ina vitu vitatu tu: saa, nani anaitwa (na jina la baba yake, lisikosewe), na sentensi moja ya kumuita. Mengine ni mdomo wangu.

Saa 3:42 mweka hazina akanipa karatasi. Mkononi na kwenye simu 640,000, ahadi 473,000. Nilisoma zote mbili mbali mbali. Emsii akisema "tumepata milioni moja na laki moja" wakati karibu nusu ni maneno, Ijumaa inayofuata watu watauliza mbona paa halijaanza. Dua ikasomwa, na ndipo, baada ya dua, halwa na kahawa tungu zikatoka. Madele yalikuwa yamepangwa pembeni tangu saa 3, yanaonekana na kila mtu, harufu ya hiliki inatembea, na niwaambie ukweli hakuna mtu wa Malindi anayeondoka akiwa ameshaliona dele la kahawa halijamfikia.

Kilichonishinda ni kimoja. Asubuhi tulipokaa kulinganisha vikaratasi tukakuta ahadi ya mabati 5 imeandikwa vizuri kabisa, tiki kwenye *nitajwe*, na kwenye jina imeandikwa "Mama Saidi". Hakuna simu, hakuna namba ya meza. Siku hizi vijana wa kukusanya wana amri yangu ya kutotoka mezani kabla ya kuona tarakimu kumi za simu. Lakini kwa hicho kimoja kina Saidi kwenye ile madrasa wako saba, na mweka hazina ameshawapigia mama zao wanne.